Guta linaweza kupita kila njia mara moja na kurudi kizimbani? Hesabu ncha kwanza

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo nimeamua kuliandika. "Mwalimu, nimejaribu kupita njia zote mara moja moja na kurudi nilipoanzia, nimeshindwa. Ni mimi sijaiona njia, au haiwezekani?" Anayeuliza anaweza kuwa mwanafunzi anayehangaika kuchora kinyumba bila kunyanyua kalamu. Mara ya mwisho alikuwa mwendesha guta wa kikundi cha usafi, hapa Mbeya upande wa mlimani, ambaye mafuta yake yalikuwa yanaishia njiani kwa sababu ya kurudiarudia vichochoro.

Jibu la "ndiyo" au "haiwezekani" linapatikana bila kujaribu safari hata moja. Unahesabu tu. Nitatumia mtaa wa huyo bwana wa guta kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu una karibu mitego yote inayowaangusha wanaoanza.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Karatasi kubwa, penseli, kifutio, na kalamu ya rangi moja. Ubao wa kadibodi wa boksi la sabuni unafaa zaidi ya daftari kama utakuwa nje, maana ukungu wa asubuhi hulainisha karatasi. Na uwe na mtu anayeupita mtaa huo kwa miguu. Ramani ya simu ni msaidizi, lakini usiiachie kazi peke yake. Mimi niliiachia, na nitakueleza yaliyonipata.

Hesabu unayohitaji ni kujumlisha, na kutofautisha namba shufwa (2, 4, 6) na namba witiri (1, 3, 5). Zaidi ya hapo hakuna.

Hatua ya 1: Liseme swali lako lote

Andika juu ya karatasi vitu vitatu: ni njia zipi lazima zipitwe, kila moja ipitwe mara ngapi, na safari iishie wapi. Kwa guta ilikuwa hivi: kila njia ambayo watu wanatoa taka mlangoni, mara moja tu, kuanzia kwenye kizimba cha taka na kurudi hapohapo.

Usiiruke hatua hii. Pale mtaani kuna kichochoro kinachoishia kwenye ukuta, nyuma ya zahanati. Je, nacho ni njia ya kupitwa? Nilimwuliza mwendesha guta, akacheka. "Mwalimu, kule guta haliingii. Wakazi wanaleta mifuko hapa mdomoni." Basi kichochoro hicho hakimo kwenye mchoro. Kingekuwemo, jibu lingekuwa "haiwezekani" papo hapo, maana ukiingia njia isiyo na mlango wa pili hutoki bila kuirudia. Kazi yenyewe ndiyo inayoamua ni mistari ipi unachora.

Hatua ya 2: Chora nukta na mistari

Kila mahali ambapo njia zinakutana au kugawanyika, weka nukta na uipe herufi. Kila njia kati ya nukta mbili ni mstari mmoja, nao uupe namba. Usihangaike na urefu, mteremko wala kona. Mstari uliopinda na ulionyooka ni kitu kimoja kwa swali hili.

Nukta zetu zilikuwa sita: K ni kizimba, M ni mashine ya kusaga, S ni shule, B ni bomba la maji, Z ni zahanati, na P ni mparachichi mkubwa unaosimama mbele ya kanisa. Mistari ilikuwa kumi na moja:

```
1   K–M
2   K–S
3   M–S
4   M–B
5   S–B
6   S–Z
7   B–Z   (juu ya mfereji)
8   B–Z   (chini ya mfereji)
9   Z–P
10  B–P
11  P–P   (inazunguka kanisa)
```

Tazama mistari ya 7 na 8. Zote mbili zinatoka bombani kwenda zahanati, lakini ni njia mbili, moja kila upande wa mfereji, na kila moja ina nyumba zake. Kwa hiyo ni mistari miwili. Tazama pia mstari wa 11: unaanzia kwenye mparachichi, unalizunguka kanisa, na unarudi kwenye mparachichi uleule. Nao ni mstari halali, ila ncha zake mbili zote ziko P.

Wanaoanza huniuliza kama kona nayo ni nukta. Ukiiweka hupati hasara. Umeukata mstari mmoja kuwa miwili, na nukta mpya ina ncha mbili, ambayo ni shufwa. Nukta za jirani hazibadiliki hata kidogo. Umejiongezea kazi ya kuandika tu.

Hatua ya 3: Hesabu ncha kwenye kila nukta

Huu ndio moyo wa kazi. Nenda nukta moja baada ya nyingine, uhesabu ni ncha ngapi za mistari zinazoigusa. Idadi hiyo inaitwa digrii ya nukta, na haihusiani na digrii za pembe.

Ninasisitiza neno *ncha* kwa makusudi. Ukihesabu "majirani" badala ya ncha, utakosea mara mbili kwenye mtaa huu. Kule B utasema jirani zake ni M, S, Z na P, kwa hiyo 4, wakati Z imeunganishwa naye kwa njia mbili na jibu sahihi ni 5. Kule P utasema jirani ni Z na B, kwa hiyo 2, na utaisahau njia ya kanisa ambayo ina ncha mbili hapohapo.

Mimi huweka kidole kwenye nukta na kuizungusha penseli kuizunguka polepole, kama mshale wa saa, huku nikihesabu kila mstari penseli inapoukata. Njia ya kanisa inakatwa mara mbili, ikitoka na ikirudi, kwa hiyo inajihesabu yenyewe vizuri.

```
Nukta   Mistari inayogusa      Digrii
K       1, 2                   2
M       1, 3, 4                3
S       2, 3, 5, 6             4
B       4, 5, 7, 8, 10         5
Z       6, 7, 8, 9             4
P       9, 10, 11, 11          4
```

Hatua ya 4: Jikague kabla ya kusema lolote

Jumlisha digrii zote. Lazima upate mara mbili ya idadi ya mistari, kwa sababu kila mstari una ncha mbili na zote umezihesabu. Kwetu: 2 + 3 + 4 + 5 + 4 + 4 = 22, na mistari ni 11. Iko sawa.

Kuna ukaguzi wa pili wa haraka zaidi: hesabu ni nukta ngapi zina digrii ya witiri. Idadi yao lazima iwe shufwa: 0, 2, 4 na kuendelea. Ukipata nukta tatu za witiri, usianze kutafuta maana yake. Umehesabu vibaya. Jumla ya digrii ni shufwa siku zote, na witiri tatu haziwezi kujumlishwa zikatoa shufwa.

Lakini ujue mpaka wa ukaguzi huu. Unakamata makosa ya kuhesabu, haukamati makosa ya kuchora. Mara ya kwanza nilichora mtaa huu kutoka kwenye ramani ya simu, ambayo ilionyesha njia moja tu kati ya bomba na zahanati. Nikapata mistari 10 na jumla ya digrii 20, kila kitu kikakaa sawasawa. B ikawa 4, Z ikawa 3, na witiri zikawa M na Z. Nikajiamini kabisa, nikamwambia mwendesha guta kwamba itabidi arudie njia mbili: ya mashine–bomba na ya bomba–zahanati.

Alinitazama huku ameshika usukani. "Mwalimu, hiyo ya bomba–zahanati nirudie ya nini? Nikishapita ya juu, si bado kuna ya chini ya mfereji, na ina taka zake?"

Nilifuta mchoro wote palepale. Hesabu ilikuwa sahihi, mtaa ndio haukuwa ule niliouchora. Tangu hapo sianzi Hatua ya 3 kabla mtu wa mtaa huo hajaupitia mchoro kwa kidole, njia kwa njia.

Hatua ya 5: Hakikisha mistari yote imeshikana

Chukua kalamu ya rangi. Anzia nukta yoyote yenye mstari, upake rangi mistari yake, kisha mistari ya nukta ulizozifikia, na uendelee hivyo hadi usipoweza kufika mbele. Kukiwa na mstari uliobaki bila rangi, mchoro wako una vipande viwili visivyoshikana, na jibu ni "haiwezekani" bila kujali digrii zikoje.

Watu wengi huiacha hatua hii kwa sababu wamesikia kwamba "zikiwa shufwa zote, inawezekana". Hiyo ni nusu ya kanuni. Fikiria mtaa wenye njia tatu zinazofanya pembetatu upande huu wa mto, na pembetatu nyingine ng'ambo, bila njia ya kuvuka. Nukta zote sita zina digrii 2. Shufwa tupu, lakini guta haliruki mto.

Hapa kuna mtego wa aina yake: njia moja inapopita juu ya nyingine kwa daraja. Kwenye karatasi mistari inakatana, na ukiweka nukta hapo itapata digrii 4, kwa hiyo upande wa shufwa na witiri hakuna kitakachoharibika. Kitakachoharibika ni ushikamano. Umeunganisha kwa penseli vitu ambavyo barabarani havijaungana, na rangi yako itavuka mahali ambapo gurudumu haliwezi.

Nukta isiyo na mstari wowote iache. Haina njia ya kupitwa, kwa hiyo haizuii kitu.

Mtaa wetu ulikuwa umeshikana wote. Kutoka K rangi ilifika M na S, kutoka hapo B na Z, kisha P.

Hatua ya 6: Toa hukumu

Mistari ikiwa imeshikana, angalia safu ya digrii.

Witiri hakuna hata moja: safari ya kupita kila mstari mara moja na kurudi ulipoanzia ipo, na unaweza kuianzia nukta yoyote yenye mstari.

Witiri ni mbili: safari ya kurudi haipo. Kuna safari ya kupita kila mstari mara moja, lakini itaanzia kwenye witiri moja na kuishia kwenye ile nyingine. Kile kinyumba cha watoto, mraba wenye mishazari miwili ndani na paa juu, ndicho mfano wake. Pembe mbili za chini zina digrii 3, mbili za juu zina 4, na kilele cha paa kina 2. Anayeanzia chini anafanikiwa, anayeanzia juu anakwama, na hakuna anayerudi alipoanzia. Makutano ya mishazari katikati ukiyahesabu ni 4, usipoyahesabu pia hakuna kinachobadilika.

Witiri ni nne au zaidi: haipo ya kurudi wala ya kutokurudi.

Mtaa wetu una witiri mbili, M yenye 3 na B yenye 5. Kwa hiyo jibu kwa mwendesha guta ni: *haiwezekani*. Kujaribu tena kesho hakutasaidia, wala kuanzia shuleni badala ya kizimbani.

Kwa nini, kwa maneno machache

Simama kwenye mashine ya kusaga, uangalie guta likipita. Kila likipita hapo linatumia ncha mbili: moja ya kuingilia, moja ya kutokea. Likipita mara mbili, ncha nne. Ukiwa na ncha tatu, lazima siku moja liingie na lisione pa kutokea, au litoke bila kuwa limeingia. Kizimbani pia ni vilevile: ncha ya kutokea asubuhi inapata mwenzake kwenye ncha ya kurudia jioni. Ndiyo maana witiri moja tu inatosha kuua safari ya kurudi.

Upande wa pili, kwamba shufwa zote na ushikamano vinatosha, una sababu yake. Ukianza safari kwenye mchoro wa shufwa tupu na kuendelea kupita mistari mipya, huwezi kukwama popote isipokuwa pale ulipoanzia, kwa sababu kila nukta uliyoingia ina ncha ya kutokea. Ukirudi mapema na kuna mistari imebaki, iliyobaki nayo ni shufwa tupu, kwa hiyo inafanya vizunguko vyake, na kwa kuwa mchoro umeshikana, kimojawapo kinagusa njia uliyokwisha kupita. Unakichomeka hapo.

Nusu ya kwanza ya hoja hii ni ya mwanahisabati Leonhard Euler, kwenye makala yake ya 1736 kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi. Sehemu nne za ardhi pale zilikuwa na digrii 5, 3, 3 na 3. Jumla 14, madaraja 7, witiri nne, basi haiwezekani. Nusu ya pili aliitaja bila kuithibitisha kikamilifu. Uthibitisho uliochapishwa ulikuja 1873, wa Carl Hierholzer, na ulitoka akiwa ameshafariki.

Hatua ya 7: Jibu likiwa "haiwezekani", afadhali ujue ni kwa kiasi gani

Swali la kwanza limekwisha, lakini bwana wa guta hawezi kwenda nyumbani na "haiwezekani". Anataka kurudia njia chache kadiri inavyowezekana. Kurudia njia ni sawa na kuichora mara ya pili, na kila mstari ulioongezwa unabadilisha witiri kuwa shufwa kwenye ncha zake zote mbili. Kwa witiri mbili, tafuta njia fupi kabisa kati yake na uirudie.

Kwetu M na B ni majirani kwa mstari wa 4. Tuliupima kwa hatua za miguu ukawa hatua 210. Kupitia shule, yaani mstari wa 3 na wa 5, ni zaidi ya 400. Basi unarudiwa mstari wa 4. M inakuwa 4, B inakuwa 6, na safari ya vipande 12 inapatikana:

```
K –1– M –4– B –8– Z –9– P –11– P –10– B –4– M –3– S –5– B –7– Z –6– S –2– K
```

Hesabu namba zake: kila mstari kuanzia 1 hadi 11 umo, na wa 4 tu ndio umetokea mara mbili. Mwendesha guta aliupenda utaratibu huu kwa sababu ambayo sikuifikiria: anaporudi mashine kwa mara ya pili, unga wa asubuhi umeshasagwa na magunia ya pumba yameshatolewa barabarani.

Witiri zikiwa nne, unazigawa jozi mbili, na kuna namna tatu za kuzigawa. Jumlisha urefu wa njia fupi kwa kila namna, uchague ndogo. Zikiwa sita namna ni 15, na hapo ndipo watu huanza kutafuta kompyuta.

Ukikwama

*Digrii zote ni shufwa, imeshikana, lakini nikijaribu nafika nilipoanzia na njia zimebaki.* Mchoro hauna kosa, wewe ndiye umerudi mapema. Tafuta nukta uliyoipita ambayo ina mistari isiyotumika, uanze kizunguko kipya hapo mpaka urudi hapohapo, kisha ukichomeke kwenye safari ya kwanza. Usifute yote ukaanza upya, hiyo ndiyo inayowamaliza watu nguvu.

*Jumla ya digrii haijawa mara mbili ya mistari.* Tofauti yenyewe inakuonyesha pa kutazama. Ikipungua kwa 1, kuna ncha moja umeiruka. Ikipungua kwa 2, kwanza tazama mstari unaozunguka na kurudi kwenye nukta yake, maana huenda hukuuhesabu kabisa, kisha tazama njia mbili zinazounganisha nukta zilezile.

*Mwalimu, nikianzia kwingine haitawezekana?* Kwa safari ya kurudi ulipoanzia, mahali pa kuanzia hapabadilishi jibu. Ni duara, na duara halina mwanzo. Mahali pa kuanzia panajalisha tu pale witiri zikiwa mbili na hutaki kurudi. Kwa mfano, guta likilala kwa mwenye mashine na kizimba kingekuwa bombani, mtaa wetu ungepitika bila kurudia njia hata moja.

*Kwetu kuna njia ya upande mmoja.* Kanuni ya shufwa na witiri ni ya njia zinazopitika pande zote mbili. Njia zote zikiwa za upande mmoja, kwenye kila nukta hesabu mishale inayoingia na inayotoka. Lazima zilingane, na shufwa peke yake haitoshi: nukta yenye mishale mitatu inayoingia na mmoja unaotoka ina digrii 4 lakini inaua safari. Mtaa wenye mchanganyiko wa aina zote mbili ni swali jingine kabisa, usilazimishe mwongozo huu kulijibu.

*Nipe mfano wa kujipima.* Chukua barabara zetu za nyanda za juu. Chora nukta Makambako, Uyole, Isyonje, Makete na Njombe, zikiunganishwa kwa mzunguko kwa mpangilio huo, Njombe ikirudi Makambako. Hesabu ncha. Kisha ongeza mstari mmoja kutoka Isyonje kwenda Tukuyu, uhesabu tena, na useme ni nukta zipi zimegeuka. Ukipata Isyonje 3 na Tukuyu 1, na jumla 12 kwa mistari 6, umeelewa. Anayetaka kuzipita zote na kurudi alikoanzia atairudia Isyonje–Tukuyu, hana namna nyingine.